Petroli yenye maji au uchafu: kupima, kumwaga tangi na kusafisha koki ya pikipiki

*Fundi, habari za kazi. Nina pikipiki ya CC 150 ya kabureta, nafanya bodaboda huku Kilosa. Tangu masika yaanze inakatakata, hasa kwenye mlima, na mafuta yakipungua nikageuza koki kwenda rizevu ndiyo inazima kabisa. Nimebadilisha plagi, kabureta imeoshwa, inatulia siku mbili halafu inarudia. Je, ni petroli chafu? Na kumwaga tangi naweza kufanya mwenyewe?*

Nzuri, ndugu yangu. Kwa uwezekano mkubwa ni petroli, na kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa na spana namba 10 na 12, bisibisi, chupa mbili safi za kioo, dumu la kuhifadhia mafuta, na mahali pa wazi pasipo na moto.

Kilichonielekeza kwenye tangi moja kwa moja ni hiyo habari ya rizevu. Koki ya pikipiki kama yako huchota mafuta kupitia matundu mawili yaliyo ndani ya tangi. La kwanza liko kwenye ncha ya mrija mfupi uliosimama, na ndilo linalolisha injini siku zote. La pili liko chini, kwenye kitako cha mrija huo, nalo hufunguka unapogeuza koki kwenda rizevu. Lita moja ya petroli ina uzito wa takribani gramu 740, ilhali lita ya maji ina gramu 1,000, na viwili hivyo havichanganyiki. Kwa hiyo maji yoyote yanayoingia kwenye tangi huzama na kutuama chini, pamoja na kutu na mchanga. Maadamu tangi lina mafuta ya kutosha na barabara imenyooka, tundu la juu huchota petroli safi. Ukipanda mlima, ukipita kwenye mashimo au ukifunga breki kwa nguvu, maji yale huhama na mengine hufika kwenye mrija. Ukienda rizevu, unakuwa umeamua kuchota palepale yalipolala.

Hii ndiyo sababu pia kuosha kabureta kulikupa nafuu ya siku mbili tu. Bakuli la kabureta ni dogo, na kijiko kimoja cha maji kinatosha kufunika midomo ya jeti zilizo chini yake. Fundi akilimwaga, pikipiki inaamka vizuri, lakini chanzo kimebaki juu na kitashusha maji mengine siku ikitikiswa. Plagi nayo huonewa bure. Hutolewa ikiwa imelowa kwa sababu mchanganyiko haukuwaka, ikaonekana mbovu, na mpya ikifungwa kwenye silinda iliyokwisha kukauka injini inawaka, basi sifa zote zinakwenda kwa plagi mpya.

Hata hivyo nisingependa ufungue tangi kwa kubahatisha. Kwanza chukua sampuli. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia mafuta, na pembeni yake mara nyingi kuna mrija mwembamba wa mpira unaoelekea ardhini. Injini ikiwa imepoa, weka chupa ya kioo chini ya mrija huo, legeza skrubu, acha bakuli limwagike lote, kisha ifunge. Baada ya hapo chomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta, uelekeze kwenye chupa ya pili, geuza koki kwenda rizevu na kinga kama robo lita. Ziache chupa zote mbili zitulie kwa dakika kumi bila kuguswa, halafu zitazame kwenye mwanga.

Maji utayaona chini yakiwa matone yanayobingirika kama zebaki ukiinamisha chupa, au tabaka lenye mpaka ulio wazi kati yake na petroli. Ukiwa na shaka, dondoshea tone la rangi ya chakula ya maji: itapita kwenye petroli bila kuyeyuka, ikifika kwenye maji itayapaka rangi. Kutu huonekana kama vumbi la kahawia linalotulia upesi, na ukipitisha sumaku nje ya chupa sehemu yake hufuata. Mchanga na tope havifuati sumaku. Ukiona nyuzinyuzi au chembe nyeusi laini, hizo kwa kawaida ni za mpira wa mafuta uliochakaa kwa ndani, na hapo mpira wenyewe ndio wa kubadilishwa.

Uchafu mgumu na maji havisumbui kwa namna moja, na tofauti hiyo unaweza kuisikia ukiwa barabarani. Maji hukohoza injini bila mpangilio: inazima ghafla, inarudi ghafla, mara nyingi baada ya kutikisika. Uchafu ulioziba chujio au koki huifanya injini ianze vizuri, kisha inyong'onyee kadiri unavyoivutia mafuta, kwa sababu bakuli linaisha haraka kuliko linavyojazwa. Ukisimama dakika chache bakuli linajaa tena na safari inaendelea, hadi mlima unaofuata. Katika hali hiyo ya pili ukivuta choki kidogo injini hupata nafuu. Kwenye maji choki haisaidii kitu.

Kuna mambo mengine mawili yanayofanana na haya, na ni vema uyaondoe kabla ya kushika spana. Moja ni tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Likiziba, mafuta hushuka kwa shida kwa kuwa hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Acha mafuta yatiririke kwenye chupa kifuniko kikiwa kimefungwa. Mchirizi ukipungua taratibu, kisha ukapata nguvu mara tu unapofungua kifuniko, tatizo ni hilo tundu. Pikipiki yako kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa haitumii hata mililita 30 kwa dakika, kwa hiyo koki nzima inayojaza chupa ya nusu lita ndani ya dakika tatu hivi inatosha kabisa. Jambo la pili ni umeme: kofia ya plagi yenye ufa hukatakata wakati wa mvua tu au baada ya kuosha pikipiki, na ikikauka inatulia, huku sampuli yako ya mafuta ikiwa safi.

Tuseme sasa umeyaona maji. Wengi hapa hufungua koki, wakamwaga mafuta yote kupitia rizevu, wakajaza mapya, wakaamini wamemaliza. Hawajamaliza. Tundu la rizevu lenyewe liko juu kidogo ya sakafu ya tangi, na kilicho chini yake hakitoki kwa njia hiyo hata ukisubiri hadi kesho. Zaidi ya hapo, tangi la pikipiki limekaa juu ya fremu likiwa na mabonde mawili, kulia na kushoto, na koki iko upande mmoja tu. Maji yaliyo bonde la pili hubaki yakisubiri kona au mteremko yavuke. Ndiyo maana nasisitiza tangi litolewe.

Fanya kazi hii nje, mahali penye upepo, mbali na jiko la mkaa, sigara, jenereta na chumba chenye umeme wazi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na unaweza kufika kwenye moto ulio mbali na wewe kuliko unavyodhani. Toa waya wa hasi kwenye betri. Mwaga petroli kwenye dumu lililowekwa chini ardhini, kwa kutumia mpira wa koki yenyewe, wala usivute kwa mdomo: petroli ikiingia mapafuni, hata kidogo, huleta madhara makubwa.

Ondoa siti, fungua bolti ya nyuma ya tangi, chomoa waya wa geji ya mafuta kama upo, kisha vuta tangi kuelekea nyuma hadi litoke kwenye raba za mbele. Lilaze ubavu juu ya gunia au blanketi kuukuu, upande wa koki ukiwa juu. Koki imeshikwa na bolti mbili za spana namba 10. Zifungue na uitoe koki kwa kuivuta moja kwa moja bila kuizungusha, maana mrija wake na wavu mwembamba unaouzunguka viko ndani ya tangi na huchanika kirahisi. Angalia bolti hizo: zina washa ndogo za faiba au shaba. Ziweke mahali pamoja, kwa sababu zikipotea koki itavuja kupitia nyuzi za bolti hata ukikaza vipi.

Wavu usugue kwa mswaki laini uliochovywa kwenye petroli, kuanzia ndani kwenda nje. Usitumie brashi ya waya. Ukiwa umetoboka, nunua koki nyingine au wavu wake, maana tundu moja la ukubwa wa punje ya mchele linaufanya wavu wote usiwe na kazi. Koki nyingine zina kikombe kidogo chini kinachofunguliwa kwa spana. Hiki ndicho mahali pa kwanza pa kukusanya maji, na ni jambo la kusikitisha kwamba waendeshaji wengi hawajawahi kukifungua tangu waliponunua pikipiki. Kifungue, kifute, na uangalie oringi yake. Oringi iliyolowa petroli hutanuka, na mara nyingi hukataa kurudi kwenye mfereji wake. Iache ikauke kivulini, itanywea yenyewe. Ikiwa imepasuka au imekuwa bapa, weka mpya. Tafadhali usipake gundi ya silikoni ya kuzibia injini mahali popote panapogusa petroli. Huvimba, hubanduka vipandevipande, na vipande hivyo huishia kwenye jeti.

Sasa tangi lenyewe. Ziba tundu la koki kwa kitambaa kilichobanwa vizuri, mimina nusu lita ya petroli safi, tikisa kwa kuliinamisha kila upande ili mabonde yote mawili yafikiwe, kisha mwaga kupitia mdomo wa juu kwenye chombo chenye rangi nyeupe ili uone kinachotoka. Rudia hadi petroli itoke kama ilivyoingia. Matone ya maji yanayoganda kwenye pembe hayatoki kirahisi kwa petroli pekee, kwa sababu hayayeyuki ndani yake. Hapo mimi hutumia spiriti ya kuwashia, kama mililita 200: yenyewe hushikana na maji, yakatoka pamoja. Baada ya spiriti suuza tena kwa petroli kidogo, kisha liache tangi wazi kwenye upepo hadi ndani pakauke. Usilikaushe kwa moto, kwa mashine ya kukaushia nywele wala kwa hewa ya moto ya aina yoyote. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko tangi lililojaa.

Ukimulika ndani kwa tochi ukaona kutu nyepesi ya rangi ya chungwa iliyoshikamana na bati, iache, wavu na chujio vitaimudu. Ukiona magamba yanayobanduka kwa kidole, hiyo ni kazi nyingine: siki ya kujaza tangi kwa siku nzima, kusuuza kwa maji ya magadi, kisha kukausha papo hapo kabla kutu mpya haijaanza. Bati likiwa limeliwa hadi linavuja jasho la petroli, badilisha tangi. Kamwe usimruhusu mtu alichomelee.

Chujio dogo la plastiki lililo kwenye mpira kati ya koki na kabureta lina namna mbili. Lile la wavu unaweza kulisafisha kwa kupuliza kinyume cha mshale wake. Lile la karatasi likishalowa maji, karatasi huvimba na kuzuia mafuta hata ikionekana safi kwa macho. Hilo ni la kutupa, na bei yake haifikii hata gharama ya plagi uliyokwisha kununua. Uwe mwangalifu dukani, kwani baadhi ya machujio hutengenezwa kwa ajili ya magari yenye pampu. Pikipiki yako hutegemea mafuta yashuke kwa uzito wake tu, na chujio la aina hiyo litaileta tena ile hali ya kunyong'onyea mlimani. Funga jipya mshale ukielekea kwenye kabureta. Ukiona halijai lote, lina kiputo cha hewa juu, usihangaike nalo. Hiyo ni kawaida.

Rudisha koki ukikaza bolti zake kwa zamu, kidogo kidogo, maana nyuzi zake ziko kwenye bati jembamba. Mimina lita moja tangi likiwa bado liko chini, subiri dakika kumi, pitisha kidole chini ya koki kuona kama kuna unyevu. Likiwa kavu, lifunge kwenye fremu, fungua koki, na kabla ya kuwasha legeza tena skrubu ya bakuli hadi mafuta safi yatoke. Ikiwa injini inawaka lakini haitulii ukiachia mafuta, huku ukiivutia inakwenda vizuri, jeti ndogo imeziba. Tundu lake ni chini ya nusu milimita, na ni la shaba ya njano iliyo laini. Lipulize kwa hewa ya kompresa au pitisha uzi wa nailoni wa mshipi wa kuvulia. Sindano na waya hulipanua na kuiharibu pikipiki kwa namna isiyoonekana, ikala mafuta bila wewe kujua ni kwa nini. Floti usiiguse.

Baada ya yote hayo linabaki swali la maji yaliingiaje, na hapa nitakueleza mfano wa pikipiki moja ya CC 150 iliyoletwa kwangu kutoka Ifakara katikati ya masika. Sampuli ya bakuli ilikuwa na maji kiasi cha robo ya chupa ndogo na vumbi la kutu. Ile ya rizevu ilikuwa mbaya zaidi. Mwenyewe alikuwa na hakika kwamba ni mafuta ya chupa aliyonunua barabarani. Tulitoa tangi, tukalisafisha kama nilivyoeleza, ikaondoka ikivuta vizuri kabisa. Mvua kubwa iliyofuata ikamrudisha, na safari hii alikuwa amejaza kituo kingine ambacho wenzake wote walijaza bila tatizo. Petroli ya kituo ilikuwa haina kosa. Kifuniko chake kilikuwa cha aina inayolala sawasawa na uso wa tangi, chenye kibonde kuzunguka mdomo. Kwenye kibonde hicho kuna kitundu kinachopeleka maji ya mvua chini ya pikipiki kupitia mrija uliopita ndani ya tangi. Kitundu kilikuwa kimezibwa na tope lililokauka. Maji yalikuwa yakijaa kwenye kibonde, na raba ya kifuniko iliyokakamaa kwa jua ikayapitisha ndani kidogo kidogo kila mvua iliponyesha. Tulizibua kitundu kwa hewa, tukaweka raba mpya, tukamwaga tangi kwa mara nyingine.

Kagua yako kwa njia hiyohiyo. Mimina kikombe cha maji kwenye kibonde kifuniko kikiwa kimefungwa: yanapaswa kutoka chini ya pikipiki mara moja. Yakibaki juu, zibua. Yakipotea bila kutoka chini, huenda mrija wa ndani umetobolewa na kutu, na hapo yote yanaingia kwenye petroli yako. Mwaga tena kabla ya kuwasha.

Kama kifuniko hakina kosa, chanzo ni mafuta unayonunua. Dumu lililoachwa wazi mvuani na faneli inayowekwa chini huchangia zaidi ya watu wanavyofikiri. Kituoni, epuka kujaza wakati lori la mafuta linashusha, kwa kuwa mashapo ya tangi la chini ya ardhi yanakuwa yamevurugwa. Ukishuku kituo, jaza chupa ya kioo kutoka kwenye pampu mbele ya mhudumu, ihifadhi pamoja na risiti, na upeleke malalamiko EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Usichanganye hili na uchakachuaji: mafuta ya taa yakitiwa kwenye petroli huchanganyika nayo kabisa, kwa hiyo chupa haitakuonyesha tabaka lolote. Kwa ajili hiyo Tanzania ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta, na kuvipima kunahitaji vifaa maalumu.

Haya yote yanahusu pikipiki ya kabureta. Mwenzako mwenye pikipiki ya mfumo wa sindano asiyafuate, kwa sababu pampu yake iko ndani ya tangi na mafuta yake yana shinikizo.

Ukishaendesha kama kilomita 50, mwaga bakuli tena kwenye chupa ya kioo. Chembe chache za kutu zisikutishe, ni mabaki yaliyokuwa kwenye pembe za tangi. Ukiona tone la maji wakati mvua haijanyesha, rudi kwenye dumu au kituo unachonunulia. Ukiliona baada ya mvua, rudi kwenye kifuniko.